Ukurasa Mmoja wa Asubuhi: Uundaji wa Muhtasari wa Barua za Usiku kwa Kuzingatia Aina ya Mtumaji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuunda programu ndogo inayokusanya barua pepe zilizofika usiku, kuzigawa kwa aina ya mtumaji, na kumpa mwenye kisanduku ukurasa mmoja wa kusoma asubuhi. Mfano unaotumika ni wa ofisi ndogo ya uwakala wa forodha mjini Kigali inayopokea shehena kupitia bandari ya Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba aina ya mtumaji ni uhusiano uliopo kati yake na mpokeaji, na kwamba uhusiano huo haupatikani katika maneno ya barua bali katika daftari la ofisi likisaidiwa na vichwa vya barua. Makala pia yanaonyesha mahali ambapo Kiswahili chenyewe, kwa saa zake na upatanisho wake wa kisarufi, kinamdai mtunzi wa programu uangalifu asiodaiwa na lugha nyingine.

1.0 Utangulizi

Mwenye ofisi ya uwakala wa forodha hafungi kazi anapofunga mlango. Meli hutia nanga usiku, malori hufika Rusumo usiku, na mifumo ya kompyuta ya mamlaka hutoa taarifa saa yoyote. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,400 za barabara, na kontena lililobeba mzigo ni mali ya kampuni ya meli, ambayo hutoa siku kadhaa za bure na baada yake hutoza kwa kila siku ya ucheleweshaji. Barua inayosema kwamba siku za bure zinakaribia kwisha ni barua ya fedha. Ikilala chini ya matangazo kumi na moja ya mauzo, gharama yake hupanda bila mtu yeyote kukosea kwa makusudi.

Uchukuliwe usiku mmoja wa mfano. Kati ya saa 11:30 jioni ya Jumanne na saa 12:00 asubuhi ya Jumatano, kisanduku cha ofisi hiyo kimepokea barua 47. Zikipangwa kwa wakati wa kufika, kama programu za kawaida zinavyofanya, iliyo juu kabisa ni ya mwisho kufika, na mara nyingi hiyo ni tangazo lililopangwa kutumwa alfajiri. Zikipangwa kwa mada, kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu watu huandika mada vibaya au hujibu barua ya zamani wakizungumzia jambo jipya kabisa. Kigezo cha tatu ndicho kinachojadiliwa hapa: nani ameandika, na mwenye ofisi ana wajibu gani kwake.

2.0 Mipaka ya usiku

Swali la kwanza linaonekana jepesi kuliko lilivyo: barua zipi ni za usiku? Njia inayotumiwa sana kusoma kisanduku kutoka katika programu nyingine ni itifaki ya IMAP, iliyofafanuliwa katika waraka wa RFC 3501 wa mwaka 2003 na kurekebishwa katika RFC 9051 wa mwaka 2021. Itifaki hiyo ina amri ya `SEARCH SINCE`, nayo humvutia mtunzi mchanga. Tatizo ni kwamba amri hiyo hupuuza saa na ukanda wa saa. Inajua tarehe tu. Ukiiuliza barua za tangu Jumanne, itakupa na zile za Jumanne asubuhi ambazo mwenye ofisi amekwisha kuzijibu.

Njia iliyo imara zaidi ni kuacha saa kabisa katika hatua hii na kutumia namba. Kila barua katika kabrasha la IMAP ina namba yake, UID, inayopanda siku zote. Programu huhifadhi namba ya mwisho iliyoingia katika ukurasa wa jana, na leo huomba kila kilicho juu yake. Kwa njia hiyo, barua iliyoandikwa mchana ikakwama njiani na kufika usiku haipotei, na hakuna barua inayosomwa mara mbili.

Hata hivyo kuna mtego mmoja unaofaa kutajwa, kwa maana umewasumbua wengi. Ikiwa namba ya mwisho ya jana ni 4820, ombi huandikwa `UID 4821:*`. Alama ya nyota humaanisha namba kubwa kuliko zote zilizopo, na mfuatano wa namba mbili hauna mwelekeo. Usiku usio na barua yoyote mpya, nyota huwa 4820, mfuatano huwa kati ya 4820 na 4821, na seva hurudisha barua 4820 kwa mara ya pili. Dalili yake ni rahisi kuitambua: baada ya usiku wa kimya, ukurasa unaonyesha barua moja tu, nayo ni ya jana. Tiba ni programu kukagua kila namba iliyorudishwa na kutupa isiyozidi 4820. Pia seva hutoa namba ya pili, `UIDVALIDITY`, na ikiwa hiyo imebadilika, hesabu ya zamani haina maana tena. Hapo ndipo tarehe inaporejeshwa kazini kwa siku moja, programu ikichuja kwa saa ya kupokelewa iliyoandikwa na seva yenyewe.

Jambo la mwisho katika hatua hii linahusu adabu ya kusoma. Ukiomba mwili wa barua kwa `BODY[]`, seva huiweka alama kwamba imesomwa. Asubuhi mwenye ofisi atafungua simu na kukuta barua 47 zinaonekana zimekwisha kusomwa, na imani yake kwa ukurasa huo itaishia hapo. Ombi sahihi ni `BODY.PEEK[]`, linalochungulia bila kugusa.

3.0 Aina ya mtumaji ni uhusiano

Watunzi wengi huanza kugawa kwa maneno yaliyomo: penye neno «ankara» ni mhasibu, penye «kontena» ni bandari. Mgawanyo wa namna hiyo hufaulu kwa wiki moja. Mteja naye huandika «kontena», tapeli naye huandika «ankara», na lugha za barua katika ofisi ya Kigali ni nne: Kinyarwanda, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kumjua mtumaji ni rahisi kuliko kumwelewa, na kwa ukurasa wa asubuhi kumjua kunatosha.

Msingi wa kila kitu ni daftari: jedwali dogo lenye anwani upande mmoja na kundi upande wa pili. Katika ofisi ya mfano, makundi yanayotoka katika daftari ni manne, yaani mawakala wa meli na bandari, mamlaka, wateja, na wafanyakazi pamoja na madereva. Orodha ya ofisi yenye watu watano haizidi anwani mia mbili, na karani anaweza kuijaza kwa mchana mmoja akipitia kabrasha la barua zilizotumwa. Kabrasha hilo ndilo ushahidi bora kuliko wote. Mtu ambaye ofisi imewahi kumwandikia kwa hiari yake ana uhusiano na ofisi. Ambaye hajawahi kuandikiwa bado ni mgeni.

Baada ya daftari huja vichwa vya barua, yaani mistari ambayo msomaji wa kawaida haioni. Barua za orodha na matangazo hubeba `List-Id` au `List-Unsubscribe`. Barua zinazotungwa na mashine zinatakiwa kubeba `Auto-Submitted`, kwa mujibu wa RFC 3834 wa mwaka 2004, ingawa si mashine zote zinazotii. Barua iliyoshindwa kufika hurudi ikiwa na muundo wa ripoti. Kanuni zote zinaweza kuandikwa kwa mistari michache ya Python:

```python
def aina(b, daftari, tuliowaandikia):
    anwani = parseaddr(b["From"])[1].lower()
    if b.get_param("report-type") == "delivery-status":
        return "zilizorudi"
    if anwani in daftari:
        return daftari[anwani]
    if b["List-Id"] or b["List-Unsubscribe"]:
        return "matangazo"
    if (b["Auto-Submitted"] or "no").lower() != "no":
        return "mashine"
    if anwani in tuliowaandikia:
        return "wateja"
    return "wageni"
```

Uzito wa mistari hii umo katika mpangilio wake. Zilizorudi zimetangulia kwa sababu barua iliyorudi hutoka kwa seva, na seva haina uhusiano na mtu. Lakini habari inayoleta ni nzito, kwamba jibu ambalo mwenye ofisi anadhani limefika halikufika. Mtunzi akilitupa kundi hili katika mashine, ofisi itakaa siku tatu ikingoja jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Daftari nalo limetangulia matangazo, na hapa ndipo kosa la gharama kubwa hufanyika. Taarifa ya kuwasili kwa meli aghalabu hutumwa na mashine ya kampuni ya meli kwa mamia ya mawakala kwa mpigo mmoja, ikipitia huduma ileile inayotuma matangazo. Kwa hiyo inaweza kubeba `List-Unsubscribe` sawasawa na tangazo la viatu. Tangu mwaka 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi za matangazo waweke njia nyepesi ya kujiondoa, na kichwa hicho kinaonekana hata katika barua ambazo si matangazo. Kanuni ya matangazo ikiwekwa juu ya daftari, taarifa ya siku za bure huzikwa katika hesabu ya mwisho ya ukurasa, mahali ambapo hakuna anayesoma. Daftari likiwa juu, kichwa hicho hakiulizwi kabisa kwa mtumaji anayejulikana.

Mtu aliyewahi kuandikiwa lakini hayumo katika daftari hupewa kundi la wateja. Huo ni uamuzi wa kibiashara, wala si wa kiufundi. Ofisi nyingine ingeweza kumpa kundi lake. Wageni nao hawastahili kudharauliwa. Neno lenyewe lina heshima katika Kiswahili, na katika kazi ya uwakala mteja mpya huanza kama mgeni. Ndiyo maana wageni wanaonyeshwa mmoja mmoja, hali matangazo yanahesabiwa kwa jumla.

4.0 Jina linaloonekana na anwani iliyojificha

Mgawanyo kwa mtumaji una udhaifu mmoja mkubwa: mtumaji anaweza kusema uongo. Mstari wa `From` una sehemu mbili, jina na anwani, na jina linaweza kuandikwa lolote. Katika biashara ya shehena, ulaghai unaojirudia ni barua inayojidai kutoka kwa wakala wa meli ikisema kwamba akaunti ya benki imebadilika. Ukurasa unaoonyesha jina tu humsaidia tapeli, kwa kuwa umeipamba barua yake kwa kichwa cha kundi linaloaminika.

Kinga ya kwanza ni seva ya mpokeaji. Inapopokea barua hukagua uthibitisho wa kikoa cha mtumaji na kuandika matokeo katika kichwa `Authentication-Results`. Programu ya muhtasari hutafuta humo maneno `dmarc=pass`, ikihakikisha kwamba kichwa hicho kimeandikwa na seva ya ofisi yenyewe, maana tapeli pia anaweza kuandika chake kabla ya kutuma. Barua yenye anwani iliyomo katika daftari lakini isiyopita ukaguzi haiingii katika kundi la anwani hiyo. Huenda katika kundi dogo liitwalo Tahadhari, lililo juu ya ukurasa. Itatokea mara kwa mara kwamba aliyekwama ni mtu mwaminifu ambaye kikoa chake hakikuwekwa sawa. Huyo aandikwe katika daftari kwa alama yake, kwa uamuzi wa mtu, na programu isijifunze yenyewe kumsamehe.

Kinga ya pili ni kulinganisha majina. Jina linaloonekana likiwa sawa na jina lililomo katika daftari huku anwani ikiwa ngeni, barua hiyo pia ni ya Tahadhari. Katika usiku wa mfano, barua moja kati ya 47 ilikamatwa kwa kanuni hii: jina la wakala wa Dar es Salaam, kikoa chenye herufi moja iliyozidi. Kanuni za awali zingeiweka miongoni mwa wageni, na pengine ingetosha. Lakini mwenye ofisi anayesoma haraka huona jina kabla ya kundi.

Kinga zote mbili haziwezi kitu iwapo kisanduku halisi cha wakala kimevamiwa. Barua hapo hutoka mahali sahihi, ikapita ukaguzi wote, na ukurasa utaionyesha katika kundi lake halali. Ofisi inayobadilisha akaunti ya malipo kwa kusoma ukurasa wa asubuhi, bila kupiga simu kwa namba iliyokwishaandikwa katika daftari, haitaokolewa na programu yoyote.

5.0 Mistari arobaini

Ukurasa mmoja ni sharti linalopaswa kushikwa kikatili, la sivyo baada ya mwezi ukurasa huwa mitatu na mwenye ofisi hurudi katika kisanduku. Ofisi ya mfano imejiwekea mistari 40. Barua 47 zinaingiaje?

Barua 9 za wateja kwa kweli ni mazungumzo matano, kwa kuwa watu hujibizana usiku. Vichwa `In-Reply-To` na `References` hutaja barua inayojibiwa, na programu huyakunja mazungumzo kuwa mstari mmoja wenye barua ya mwisho na idadi ya zilizotangulia. Matangazo 11 na barua 8 za mashine hazipati mistari yao wenyewe. Idadi yake huandikwa katika kichwa cha kundi na basi. Zinabaki barua 3 za meli na bandari, 4 za mamlaka, 6 za wafanyakazi, 4 za wageni, 1 ya tahadhari na 1 iliyorudi. Ukijumlisha na mistari mitano ya wateja, ni mistari 24. Vichwa vya makundi ni tisa, na sehemu ya juu ya ukurasa ina mistari mitatu, hivyo jumla ni 36.

Sehemu ya ukurasa huo inaonekana hivi:

```
USIKU WA KUAMKIA JUMATANO
Barua 47 zimefika, saa 11:30 jioni hadi saa 12:00 asubuhi
Saa zote ni za Kigali

TAHADHARI (1)
 9:05 usiku   Jina la wakala wa DSM, anwani haimo daftarini
MELI NA BANDARI (3)
 4:12 usiku   Siku za bure: makontena 2, mwisho kesho
              [Dar es Salaam: Jumanne, saa 5:12 usiku]
ZILIZORUDI (1)
 12:40 jioni  Jibu kwa mteja wa Huye halikufika
```

Jumatatu ndiyo siku ya mtihani, kwa sababu ukurasa wake hubeba tangu Ijumaa jioni. Hapo kila kundi hupewa kwanza mistari yake ya chini, tuseme mitatu, na mistari inayobaki hugawiwa kuanzia kundi la juu. Kundi lisilotosha hufungwa kwa maneno «na nyingine 7». Maneno hayo yasikosekane kamwe. Ukurasa unaokata bila kusema umekata ni mbaya kuliko kutokuwa na ukurasa.

Ipo pia sehemu ya kazi ya usiku ambayo haifiki hapa. Madereva wengi huandika kwa WhatsApp, na programu hiyo ya kawaida ya simu haina mlango wa kusomea wa aina ya IMAP. Ofisi inaweza kumtaka karani wa zamu aandike barua moja saa 11 alfajiri yenye mahali lilipo kila lori, nayo ikaingia katika kundi la wafanyakazi. Ni suluhisho la kizamani, lakini linafanya kazi.

6.0 Saa ya Kiswahili na maana ya kesho

Programu nyingi za kompyuta huandika 22:12. Msomaji wa Kiswahili husema saa 4:12 usiku. Kugeuza ni hesabu ya mstari mmoja:

```python
saa = (t.hour + 6) % 12 or 12
```

Saa 06:00 hutoa sifuri, nayo hubadilishwa kuwa 12. Saa 22 hutoa 4. Hesabu hii haitoshi peke yake, kwa maana saa 4 ni mbili kwa siku, moja ya asubuhi na nyingine ya usiku. Neno la kipindi ni sehemu ya saa wala si pambo. Alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku havina mipaka inayokubaliwa na wote, kwa hiyo ofisi huchagua mipaka yake na kuishika.

Faida ya lugha inaonekana zaidi katika kichwa cha ukurasa. Usiku wa kazi huanza tarehe moja na kwisha tarehe nyingine, na programu zilizotungwa kwa Kiingereza huandika tarehe mbili na mstari katikati. Kiswahili kina msemo uliokwishatatua jambo hili: usiku wa kuamkia Jumatano. Msemo huo hutaja siku ambayo msomaji amesimama ndani yake, ndiyo siku anayotaka kupanga kazi zake.

Lugha haitatui mtego wa pili. Barua ya saa 4:12 usiku inasema siku za bure zinaisha kesho. Mwandishi aliandika Jumanne, hivyo kesho yake ni Jumatano. Mwenye ofisi anasoma Jumatano asubuhi, na kwake kesho ni Alhamisi. Akiliamini neno badala ya saa, amepoteza siku nzima, na kwa makontena mawili amepoteza siku mbili za tozo. Ukanda wa saa huongeza utata: Dar es Salaam iko saa moja mbele ya Kigali. Barua iliyopokelewa Kigali saa 5:40 usiku wa Jumanne iliandikwa Dar es Salaam saa 6:40 usiku, tarehe ya Jumatano ikiwa imeshaanza. Mwandishi akitumia «leo», leo ipi?

Programu isijaribu kutafsiri. Kazi yake ni kuweka ushahidi karibu na neno. Kichwa cha `Date` hubeba tofauti ya saa ya mtumaji, kwa mfano `+0300`, na tofauti hiyo isipolingana na ya ofisi, ukurasa huandika chini ya mstari siku na saa ya mtumaji. Jambo hili lifanyike kwa barua za watu tu. Mashine nyingi huandika `+0000` popote zilipo, na mistari ya ziada isiyo na maana humfundisha msomaji kuruka ile yenye maana.

Upatanisho wa kisarufi unahitaji maneno machache tu. Kiolezo cha Kiingereza hubadilisha nomino kati ya umoja na wingi. Katika Kiswahili hubadilika pia kiambishi cha kitenzi, nacho hubadilika kulingana na ngeli. Barua 1 imerudi, barua 4 zimerudi. Mteja 1 anasubiri, wateja 5 wanasubiri. Kwa hiyo kinachohifadhiwa katika faili la tafsiri ni sentensi nzima mbili kwa kila taarifa, ya umoja na ya wingi, pamoja na ya tatu kwa hali ya kukosekana: hakuna barua iliyorudi. Neno «barua» limechaguliwa mbele ya «ujumbe» kwa sababu umbo lake halibadiliki katika wingi, na hivyo kosa moja linaondolewa kabla halijatokea.

7.0 Faragha ya ukurasa

Ukurasa huu ni mkusanyiko wa majina, anwani na shughuli za watu, na sheria za eneo hili zinauhusu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Programu ikiwa katika kompyuta ya ofisi, barua hazihami. Ikiwa katika huduma ya kampuni ya nje, shehena ya kila mteja inasomwa nje ya ofisi, mara nyingi nje ya nchi, na mteja hakuambiwa. Washauri wa sera wanaopendekeza huduma za aina hii kwa biashara ndogo watazame hapo kwanza, kabla ya bei. Ukurasa uliochapishwa nao huachwa mezani, na meza ya wakala wa forodha hupitiwa na wengi.

8.0 Kujua kwamba ukurasa unakosea

Hitilafu mbaya ya muhtasari haipigi kelele. Neno la siri limebadilishwa, programu haiingii tena, na asubuhi hakuna kitu. Mwenye ofisi hufikiri usiku ulikuwa shwari. Kwa sababu hiyo ukurasa hutumwa kila siku hata usiku usio na barua, ukisema kwamba hakuna barua iliyofika, ili kutofika kwake kuwe habari yenyewe. Idadi iliyoandikwa juu nayo hutoka kwa seva, wakati idadi za makundi hutoka kwa programu. Zikitofautiana, kuna barua iliyoshindwa kusomeka, kwa kawaida kwa ajili ya kichwa kilichoharibika, na ukurasa huandika tofauti hiyo waziwazi. Kabrasha la barua taka lihesabiwe pia katika mstari wake, maana kichujio cha seva hutangulia daftari.

Makosa ya mgawanyo hupimwa kwa njia nyingine. Kila barua ina kitambulisho chake katika `Message-ID`, na kila jibu la ofisi hukitaja katika `In-Reply-To`. Mara moja kwa wiki programu hupitia majibu yaliyotumwa na kuuliza ni yapi yaliyojibu barua zilizokuwa zimewekwa katika matangazo au mashine. Kila jibu la namna hiyo ni barua iliyozikwa ambayo mtu alilazimika kuifukua mwenyewe, na anwani yake hupendekezwa kwa karani aiingize katika daftari. Upande wa pili, anwani zilizomo katika makundi ya juu ambazo barua zake hazikufunguliwa kwa siku 30 huorodheshwa ili zishushwe. Orodha hizo mbili huambatishwa katika ukurasa wa Jumamosi, siku ambayo barua ni chache na mistari ipo.